Kwa nini chotara la mahindi huwa na nguvu: kuchagua kati ya utawala, utawala uliopitiliza na epistasisi

Chukua mistari miwili ya mahindi, yaani koo mbili, ambayo kila mmoja umechavushwa kwa chavua yake wenyewe kizazi baada ya kizazi. Kila kizazi hupunguza kwa nusu sehemu ya jeni zenye aleli mbili tofauti, hivyo baada ya vizazi sita imebaki 1/64 tu ya ile ya mwanzo. Mimea yake ni mifupi, mbelewele zake hutoa chavua haba, na mahindi yake ni madogo. Sasa ipandanishe mistari hiyo miwili. Mmea unaotokea, yaani F1, huupita kwa mbali hata ule mzazi ulio bora. George Shull alichapisha uchunguzi wake wa jambo hili mwaka 1908, na mwaka 1914 akaliita heterosisi. Kwa Kiswahili tunaweza kusema nguvu ya chotara.

Swali la kwa nini limejibiwa kwa njia tatu zinazoshindana. Ya kwanza ni utawala wa aleli, ya pili ni utawala uliopitiliza, na ya tatu ni epistasisi, yaani jeni za maeneo mbalimbali kutegemeana. Mwanafunzi huzikariri zote tatu, kisha anakwama siku anapotakiwa kupanga jaribio au kutafsiri data, kwa sababu hajui ashike ipi. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili yake.

## Vigezo vya kulinganisha

Maelezo yote matatu nitayauliza maswali manne yaleyale. La kwanza: ndani ya F1, nini hasa kinaleta nguvu? La pili: F1 ikijichavusha, mavuno yatashukaje? La tatu: je, inawezekana kupata mstari safi, yaani wenye aleli zinazofanana kila mahali, unaozaa sawa na F1? La nne: ushahidi wa mahindi unasemaje, na unaweza kupotosha wapi?

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote. Jibu lake likiwa ndiyo, chotara ni njia ya haraka ya kukusanya aleli nzuri mahali pamoja, na kimsingi ipo njia nyingine. Likiwa hapana, hali ya kuwa na aleli mbili tofauti ina thamani yenyewe, na hakuna uteuzi wa mistari utakaoifikia.

## Maelezo ya kwanza: utawala

Wazo hili lilitolewa na Davenport mwaka 1908 na Bruce mwaka 1910. Linasema hivi: mahindi yanayochavushana kwa hiari hubeba aleli nyingi mbaya zilizo fiche. Aleli fiche haionekani ikiwa pembeni yake ipo aleli tawala iliyo nzima, kwa hiyo uteuzi hauifikii, nayo hurithishwa kimyakimya. Unapouchavusha mmea kwa chavua yake, aleli hizo mbaya hukutana mbilimbili na kuonekana. Kila mstari safi unabeba mzigo wake, lakini mzigo wa mstari huu si ule wa mstari mwingine. Ukiipandanisha, kila mmoja unafunika mapungufu ya mwenzake.

Tutengeneze mfano. Tuna jeni tano. Mstari wa kwanza ni AAbbCCddEE, wa pili ni aaBBccDDee. Mavuno ya msingi ni vipimo 20, na kila jeni yenye angalau aleli moja tawala huongeza vipimo 10. Mstari wa kwanza una jeni tatu nzima, hivyo unazaa 50. Wa pili una mbili, unazaa 40. F1 ni AaBbCcDdEe: jeni zote tano zina aleli tawala, nayo inazaa 70. Wastani wa wazazi ni 45, kwa hiyo nguvu ya chotara ni vipimo 25 juu ya wastani huo, na vipimo 20 juu ya mzazi bora. Hakuna jeni hata moja hapa ambayo Aa imeishinda AA.

F1 ikijichavusha, robo tatu ya mimea ya F2 katika kila jeni itabaki na aleli tawala. Mavuno ya wastani ni 20 + 5 × 7.5, yaani 57.5. Ile ziada ya vipimo 25 imebaki 12.5, nusu kamili. Kizazi kinachofuata cha kujichavusha kitakuwa na 51.25, na wastani utaendelea kuteremka kuelekea 45.

Je, mstari safi unaweza kufikia 70? Ndiyo, ule wa AABBCCDDEE. Kwa jeni tano ambazo hazijashikamana kwenye kromosomu, mstari 1 kati ya 32 utakaotokana na F2 bila uteuzi utakuwa huo. Hapa ndipo wapinzani wa zamani walipouliza: mbona basi hatujawahi kuupata shambani? Jibu liko kwenye hesabu. Ongeza jeni zifike 20, na nafasi inakuwa 1 kati ya 1,048,576. Mavuno ya mahindi yanaguswa na jeni nyingi kupita hizo. Isitoshe, mwaka 1917 Donald Jones alionyesha kwamba jeni zilizo kwenye kromosomu moja husafiri pamoja, na mahindi yana jozi 10 tu za kromosomu. Aleli nzuri inaweza kuwa imefungwa na mbaya kwa vizazi vingi.

Ushahidi unaolibeba wazo hili ni mwingi. Mistari safi yenyewe imekuwa ikiboreka tangu machotara ya kwanza ya karne ya 20, na ziada ya chotara ikihesabiwa kama asilimia ya mavuno ya wazazi imepungua kadiri wazazi walivyoboreshwa. Ndivyo unavyotarajia ikiwa watafiti wanaondoa aleli mbaya kidogo kidogo. Pia, mistari miwili ya mahindi ikilinganishwa kwa mfuatano wa DNA, kama B73 na Mo17, hukutwa jeni zilizopo kwenye mmoja na kukosekana kabisa kwenye mwingine. Chotara lao linapata za pande zote mbili, na hiyo ni sura ya wazi kabisa ya kufunikiana mapungufu. Tahadhari: kuona kwamba jeni haipo hakuthibitishi kwamba kukosekana kwake kunapunguza mavuno. Hilo lazima lipimwe.

## Maelezo ya pili: utawala uliopitiliza

Shull na Edward East waliona kwamba huenda tofauti yenyewe ndiyo inayochangamsha mmea. Mwaka 1945 Fred Hull aliipa hoja hiyo sura ya hesabu na kuifanya msingi wa mpango wa uteuzi. Kwa lugha ya jeni moja: Aa inaishinda AA na pia aa.

Namna ya kutokea kwake inaeleweka. Katika mahindi kuna kimeng'enya kinachoundwa na vipande viwili vya protini vinavyoungana, nacho ni dehidrojenasi ya alkoholi. Drew Schwartz na mwenzake walionyesha mwaka 1969 kwamba mmea wenye aleli mbili tofauti hutengeneza muungano mseto unaoweza kurithi utendaji wa kipande kimoja na uimara wa kingine. Mmea wenye aleli za aina moja hauna njia ya kuutengeneza muungano huo. Nje ya mahindi, mfano unaotajwa zaidi ni wa nyanya. Jeni iitwayo SFT huamuru kuchanua. Mwaka 2010 ilionyeshwa kwamba mmea wenye nakala moja nzima na moja iliyoharibika unaweza kuzidisha mavuno hadi asilimia 60, kwa sababu kiasi cha amri ya kuchanua kimekuwa cha katikati, si kikubwa mno wala kidogo mno.

Turudi kwenye jeni zetu tano, tuzibadilishe tabia. Sema kila jeni yenye aleli zinazofanana, iwe AA au aa, huongeza vipimo 5, na yenye aleli tofauti huongeza 10. Wazazi wote wawili wanazaa 45, na F1 inazaa 70. Katika F2 nusu ya jeni zina aleli tofauti, hivyo kila jeni inachangia wastani wa 7.5, na jumla ni 57.5. Kizazi kinachofuata ni 51.25.

Simama hapo kidogo, kwa sababu wanafunzi wengi hupotea hapa. Namba ni zilezile. Wastani wa wazazi, F1, F2 na kizazi cha tatu vimelingana kabisa na vya mfano wa utawala. Anayeandika kwenye ripoti kwamba F2 ilipoteza nusu ya nguvu na hivyo heterosisi inatokana na utawala, amesema jambo ambalo data yake haiwezi kulisema. Mporomoko wa F2 unaonyesha tu kwamba jeni zenye aleli tofauti zina wastani ulio juu ya katikati ya zile zenye aleli zinazofanana. Iwapo zinafikia aleli bora au zinaipita, F2 haijui.

Tofauti inajitokeza kwenye swali la tatu. Katika mfano huu hakuna mstari safi utakaovuka 45, hata ukichunguza milioni moja. Katika mfano wa utawala, mistari kutoka F2 ileile ingetawanyika kati ya 20 na 70.

### Kisa cha kromosomu ya 5

Ushahidi wa mahindi upande huu ulionekana kuwa na nguvu sana, kisha ukageuka, na mgeuko wenyewe unafundisha mengi.

Mwaka 1992 Stuber na wenzake walichunguza uzao wa B73 na Mo17 kwa kutumia alama za DNA. Karibu kila sehemu ya kromosomu iliyohusishwa na mavuno ilionyesha jambo moja: mimea yenye aleli tofauti ilizaa kuliko yenye aleli zinazofanana za upande wowote. Mtu akiisoma data hiyo juu juu, ni utawala uliopitiliza mtupu. Moja ya sehemu zenye athari kubwa ilikuwa kwenye kromosomu ya 5.

Lakini alama ya DNA haikuonyeshi jeni. Inakuonyesha kipande kirefu cha kromosomu. Fikiria kipande chenye jeni mbili zilizokaribiana, ambapo mstari mmoja umebeba A pamoja na b, na mwingine a pamoja na B. Kila jeni inafuata utawala wa kawaida. F1 ni Ab/aB: ina A tawala na B tawala, ni nzima kote. Mzazi Ab/Ab amepungukiwa B, mzazi aB/aB amepungukiwa A. Ukikiangalia kipande chote kana kwamba ni jeni moja, mwenye aleli tofauti amewashinda wote wawili. Huo ni utawala uliopitiliza wa bandia.

Graham, Wolff na Stuber walikivunja kipande cha kromosomu ya 5 kuwa vipande vidogo zaidi na kuvipima kimoja kimoja. Mwaka 1997 waliripoti kwamba ndani yake zilikuwamo angalau sehemu mbili ndogo, aleli zao nzuri zikiwa zimetoka kwa wazazi tofauti, na tabia ya kila moja ililingana na utawala.

Njia nyingine ya kulitambua hilo ni Mpango wa Tatu wa Comstock na Robinson. Mimea ya F2 hupandanishwa na wazazi wote wawili, kisha tofauti kati ya familia hutumika kukadiria kiwango cha wastani cha utawala. Kikizidi 1, dalili ni ya utawala uliopitiliza. Katika mahindi makadirio yaliyotoka kwenye F2 mara nyingi yalizidi 1. Kundi lilelile la mimea lilipoachwa lichavushane bila mpangilio kwa vizazi kadhaa kisha kupimwa tena, makadirio yalishuka chini ya 1. Jeni halisi zenye utawala uliopitiliza zisingebadilika kwa kuchavushana tu. Kilichobadilika ni jeni zilizoshikamana kutengana.

Kipimo hiki nacho kina mpaka. Jeni mbili ambazo hutengana katika asilimia 20 ya gameti zitabaki na kama moja ya sita ya mshikamano wake baada ya vizazi 8. Zile zinazotengana katika asilimia 1 tu zitabaki na zaidi ya asilimia 92. Kuzunguka sentromea, maeneo mapana ya kromosomu za mahindi hayabadilishani vipande karibu kabisa, na huko utawala uliopitiliza wa bandia unaweza kudumu kwa muda mrefu kuliko kazi yote ya mtafiti mmoja. Kwa hiyo makadirio yaliyokataa kushuka hayathibitishi kwamba umeipata jeni halisi ya utawala uliopitiliza.

## Maelezo ya tatu: epistasisi

Hapa nguvu haitoki katika eneo moja la jeni. Inatoka kwa aleli ya eneo moja kufanya kazi vizuri pale inapokutana na aleli fulani ya eneo jingine. Jeni inayoamuru nyingine ziwake au zizime inaweza kuwa na athari hii kirahisi.

Utabiri wake kwa F2 ndio unaolitenganisha na mengine mawili. Bila epistasisi, F2 inatakiwa kukaa katikati kabisa ya F1 na wastani wa wazazi. Ikiwa kuna michanganyiko ya jeni inayosaidiana ndani ya kila mzazi, F2 inaivunja na mavuno yanaweza kushuka chini ya kiwango hicho cha katikati. Ikiwa mchanganyiko mpya ndio bora, yanaweza kukaa juu yake. Kuhusu mstari safi kuifikia F1, jibu linategemea aina ya mwingiliano: mchanganyiko wa aleli zinazofanana unaweza kudumishwa kwenye mstari, mchanganyiko unaohitaji aleli tofauti hauwezi.

Tupime kwa mfano. Wazazi 50 na 40, F1 70, matarajio ya F2 ni 57.5, lakini shambani umepata 52. Pengo la 5.5 linaonekana kubwa. Sasa tia kosa la kipimo: kama kila wastani una kosa sanifu la 3, kosa sanifu la pengo ni 3 × √(1 + 1/4 + 1/16 + 1/16), kama 3.5. Pengo lako ni mara 1.6 tu ya kosa lake, na haliruhusu kutangaza epistasisi. Kuna na chanzo cha shambani ambacho husahaulika: mistari safi mifupi ikipandwa kando ya F1 ndefu hufunikwa na kivuli, mavuno yake yanashuka, na wastani wa wazazi unapotoka. Panda mistari kwenye kundi lake na machotara kwenye lake, uweke safu za kinga pembeni.

Ushahidi kwa mahindi ni wa mchanganyiko. Tangu Jenkins mwaka 1934, mavuno ya chotara la mistari minne yamekuwa yakitabiriwa kwa wastani wa machotara manne ya miwili miwili yasiyo wazazi wake, na utabiri huo umefanya kazi vizuri kwa jumla. Usingefanya hivyo kama epistasisi ingekuwa nzito kila mahali. Wakati huohuo, katika machotara mahususi hupatikana mapengo yasiyoelezeka kwa njia nyingine. Msimamo wangu ni kwamba epistasisi ipo, ila wastani wa vizazi ni chombo butu cha kuikamata, kwa kuwa mwingiliano wa kuongeza na wa kupunguza hufutana.

## Ushike lipi, katika hali ipi

Ukiwa unaunda mistari ya wazazi, anza na utawala. Unakuelekeza kuchuja mistari kwa ubora wake yenyewe, kutafuta ile inayochanganyika vizuri na wenzi wengi, na kutumia vizazi au mimea mingi ya kutosha kuvunja mishikamano mibaya. Ukianza na utawala uliopitiliza ungeweza kuacha kuboresha mistari kabisa, na historia ya mahindi inaonyesha hasara ya kufanya hivyo.

Ukiwa tayari una mzazi mmoja usiyekusudia kumbadilisha, na unatafuta mwenzi wake, kufikiri kwa Hull kunasaidia: tumia mzazi huyohuyo kama kipimo na uteue kile kinachomfaa yeye. Uteuzi huo utakusanya faida mahususi, ziwe za utawala uliopitiliza wa kweli au wa bandia. Kwa vizazi vichache mbele yako, tofauti hiyo haitakubadilishia uamuzi.

Ikiwa unaendesha makundi mawili ya mahindi kwa muda mrefu na hujui ni maelezo yapi yanatawala, uteuzi wa kurudiarudia wa pande mbili uliopendekezwa na Comstock, Robinson na Harvey mwaka 1949 ulibuniwa kwa hali hiyo hasa. Kila kundi hupimwa kwa kupandanishwa na jingine, na maendeleo hupatikana chini ya utawala na chini ya utawala uliopitiliza vilevile. Gharama yake ni muda na viwanja vingi.

Ikiwa tasnifu yako ni ya kutafuta sehemu za kromosomu zinazohusika na mavuno, na umekuta Aa ikiwapita wote wawili, andika utawala uliopitiliza unaoonekana, kisha pima urefu wa kipande na umbali wake kutoka sentromea kabla ya kwenda mbali zaidi. Ukiwa na nafasi ya kukigawa kipande, kigawe.

Ikiwa data yako ni F1, F2 na wazazi pekee, chagua kati ya kuwepo na kutokuwepo kwa epistasisi, na hata hapo onyesha kosa la kipimo. Kati ya utawala na utawala uliopitiliza usichague.

Na ikiwa umeulizwa tu kwa nini mbegu iliyovunwa kutoka chotara la mistari miwili huzaa pungufu ikipandwa tena, huhitaji kuchagua kabisa. Aleli tofauti zimepungua kwa nusu, na ziada ya mavuno imepungua pamoja nazo, iwe jeni zake zinafuata utawala wa kawaida au uliopitiliza.